Salamu Kabla ya Maelezo

Mtoto aliyekaa miaka bila kusemezana na baba yake, siku moyo unapomlainika, mara nyingi jambo la kwanza linalomjia ni kutuma pesa. Anaomba namba ya mzee kwa ndugu, anatuma shilingi 50,000 kwa simu, kisha anakaa kusubiri. Anajiambia kwamba mzee akiliona jina kwenye ule ujumbe ataelewa. Jina mzee analiona kweli, ila anachoelewa ni kingine. Akizipokea akanyamaza, atajiona amenunuliwa. Akizirudisha, ugomvi umefufuka, na safari hii yeye ndiye aliyeukataa mkono. Tena inawezekana ujumbe wenyewe kasomewa na kijana wa dukani, kwa hiyo uamuzi wake umeshapata shahidi. Mtoto alidhani anabisha hodi kwa upole, kumbe amemweka mzee njia panda na kumtaka achague leo leo.

Nimeanza na pesa kwa sababu ndilo kosa linalofanywa kwa nia njema kuliko yote. Lina ndugu zake: barua ndefu ya kurasa nne inayoeleza yote tangu mwanzo, kutokea mlangoni ghafla na watoto watatu na masanduku, kuitisha kikao cha ukoo. Yote hayo yanamtaka mzazi atoe jibu kubwa kabla hajazoea hata kuisikia tena sauti ya mwanawe. Njia iliyo salama zaidi huanza na kitu kidogo ambacho mzazi anaweza kukiitikia bila kujifunga kwa lolote.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Binti anaishi Mbagala, Dar es Salaam. Baba yake yuko Pangani, mkoani Tanga, mzee wa swala tano ambaye baraza lake halikosi watu jioni. Hawajasemezana miaka 9. Binti alipata mchumba, baba akasema asubiri kwanza, hajaijua nasaba ya kijana huyo. Binti hakusubiri. Alikuwa na umri wa miaka 24, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimlazimishi mtu mzima kupata idhini ya mzazi. Wakapeleka taarifa bomani, zikapita siku 21 zinazotakiwa, wakafunga ndoa mbele ya mashahidi. Baba alizipata habari hizo kwa muuza samaki.

Ukimuuliza binti ugomvi ulikuwa wa nini, atakwambia baba hakumtaka mume wangu. Hapo ndipo ilipo shida ya kwanza, maana ukimuuliza baba, mume huenda asimtaje kabisa. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo walii ni nguzo ya ndoa. Bila walii hakuna nikaha, na walii wa kwanza wa binti ni baba yake. Kwa hiyo yule mzee hakukosa sherehe tu. Kwa imani yake, binti yake anaishi na mwanamume ambaye hakuozeshwa, na yeye aliyepewa dhamana ya kumwozesha hakuitwa. Juu ya hilo, akakaa barazani mbele ya wenzake wanaojua jambo la nyumbani kwake kabla yake. Bomani binti alikuwa na haki, na Pangani baba naye alikuwa na haki yake. Miaka 9 kila mmoja amekuwa akiijibu kesi ambayo mwenzake hakuifungua.

Kabla ya kumtafuta mzazi, basi, kazi ya kwanza ni kukaa chini na kujiuliza mzazi alipoteza nini hasa siku ile. Usijiulize alikasirikia nini, maana hasira huzungumza mengi. Kuna baba aliyepoteza neno lake mbele ya wadogo zake kwa sababu shamba liliuzwa bila yeye kuulizwa. Kuna mama ambaye mwanawe alimzika mumewe, yaani baba wa kijana huyo, bila kumngoja atoke safari. Mara nyingi kilichopotea ni nafasi ya mtu katika nyumba yake, na hicho ndicho kitakachohitaji kurudishwa baadaye. Asiyekijua atabaki kurudisha vitu vingine.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kuutenga msamaha unaoweza kuuomba kwa kweli na ule usioweza. Binti wa Mbagala hamjutii mumewe. Akienda Pangani akasema amejuta kuolewa, atakuwa amesema uongo, na mzee ataunusa uongo huo. Ila kuna jambo analolijutia kikweli, tena usiku linamkosesha usingizi: kwamba baba yake aliletewa habari na muuza samaki. Hilo anaweza kuliombea radhi bila kutikisika. Wapo wanaoona huko ni kukwepa. Mimi naona ndio uaminifu wenyewe. Sura ya Luqman katika Kurani imeyatenga mambo haya mawili waziwazi: mtoto asiwatii wazazi wakimshurutisha kumshirikisha Mungu, na hapo hapo ameamriwa aendelee kukaa nao duniani kwa wema. Kutofautiana na mzazi na kumvunjia heshima si jambo moja, na anayeomba radhi kwa la pili halazimiki kuliungama la kwanza.

Mtaalamu wa elimu ya jamii wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Karl Pillemer, alichapisha mwaka 2020 kitabu kuhusu ndugu waliotengana. Katika utafiti wake wa watu wazima wa nchi hiyo, asilimia 27 walisema kuna mtu wa familia ambaye wamekata naye mawasiliano. Alipowasikiliza waliofanikiwa kurudiana, jambo moja lilijitokeza: wengi wao walikuwa wameacha kumshurutisha mwenzao aikubali simulizi yao ya yaliyopita. Hawakuwa wamesahau, wala hawakuwa wamebadili mawazo. Walichoacha ni kudai kwamba kabla hatujala pamoja, kwanza ukiri kuwa nilikuwa sahihi. Huko Marekani mambo ya kifamilia yana sura nyingine, lakini hili naliona hata kwetu. Kinachovunja mazungumzo mengi ya mara ya kwanza ni mmoja kutaka hukumu itolewe siku hiyo hiyo.

Sasa, nani atangulie? Wengi hukimbilia kwa mama. Katika nyumba nyingi, mama hakuacha kusema na mwanawe hata siku moja. Anapiga simu mzee akiwa msikitini, anafuta namba, anaficha. Ukimfanya mama huyu mjumbe, umemfichua. Neno la kwanza la mzee litakuwa "kumbe mlikuwa mnaongea," na ugomvi uliokuwa wa watu wawili umekuwa wa watatu, tena mmoja wao analala nyumba moja na hakimu. Mjomba naye ni upande wa mama, na mbele ya baba anaweza kuonekana wakili wa mtoto. Anayefaa zaidi kwa baba ni dada yake. Shangazi anamkumbuka mzee alipokuwa mtoto mwenye makamasi, haoni haya kumwambia neno, na heshima yake haitokani na huyo mtoto. Ikiwa shangazi hayupo, rafiki wa mzee wa muda mrefu anafaa, au imamu wa msikiti wake, mradi awe mtu ambaye mzee akimkatalia hataona amemshinda adui.

Zipo jamii ambazo mtani huifanya kazi hii vizuri kuliko wote. Mchaga mwenye mtani Mpare, au kinyume chake, anajua kwamba mtani anaweza kukaa kwenye kiti cha mzee bila kukaribishwa, akamwambia kuwa amezeeka vibaya na mwanawe anamtafuta, na mzee akacheka mahali ambapo mwingine angefukuzwa. Utani unampa mzee njia ya kulisikia neno bila kulazimika kulijibu kwa uzito. Ila mtani haagizwi na mtoto moja kwa moja, bali mtu wa makamo ndiye anayemwomba.

Mjumbe hapewi hotuba. Binti akimpigia shangazi yake na kumweleza kwa saa nzima, shangazi atafikisha nusu, na nusu hiyo itakuwa na chumvi. Kinachotosha ni kusema: "Shangazi, nataka kumsalimu baba. Naomba umuulize kama nikimpigia atapokea." Hapo hapajaombwa msamaha wala pesa hazijatajwa. Limeulizwa jambo moja tu, tena dogo. Shangazi mwenye akili halipeleki asubuhi, wala mbele ya watu. Anangoja baada ya alasiri, mzee ameshakunywa kahawa, wanaongea habari za minazi, ndipo analitaja kama jambo lililomjia hivi hivi.

Na mzee akajibu: "Kwani hana simu? Si ana mdomo wake?"

Aliye mbali akiletewa jibu hilo anaweza kuvunjika moyo, akalisikia kama kebehi. Kwa anayewajua wazee, huo ni mlango uliofunguliwa nusu. Mzee hakusema hapana. Amelalamika kwamba mwanawe hakuja mwenyewe, na mtu hamlalamikii asiyekuja ikiwa hataki aje.

Inabaki kuamua njia ya kumfikia. Ujumbe wa maandishi unaonekana rahisi kwa anayeutuma, kwa sababu haumtetemeshi sauti. Lakini mzee wa Pangani ana simu ya kitochi na macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo atamwita mjukuu amsomee, na maneno ya mtoto wake yatatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine. Sauti iliyorekodiwa kwa WhatsApp ina hatari yake pia, maana inachezwa barazani, inarushwa kwenye kundi la ukoo, na hadi jioni wapwa wa Muscat wameshaitolea maoni. Kwa mzazi wa aina hii simu ya kawaida ndiyo bora. Mzazi anayesoma na kuandika, hasa mama aliyezoea kuandika, huenda akapenda ujumbe mfupi, kwani unampa nafasi ya kukaa nao kabla ya kujibu. Kipimo ni yeye amezoea nini, wala si nini kitampunguzia mtoto hofu.

Binti anachagua saa ambayo mzee hana haraka, si usiku, kwa sababu simu ya usiku kwa mzee ni habari ya msiba. Namba yake mzee hana. Yaliyosemwa yanaweza kuwa haya:

"Assalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi baba, mwanao, niko Mbagala. Shikamoo."

Kimya. Kuku wanasikika upande wa pili.

"Marahaba."

"Nimepiga kukusalimu, baba. Hali yako vipi?"

"Namshukuru Mungu."

"Na goti? Shangazi aliniambia linakusumbua."

"Lipo."

"Pole, baba. Basi sikuchoshi. Ijumaa inshallah, baada ya swala, nitakupigia tena."

"Haya."

Mtu asiyejua ataona hapajafanyika kitu. Mimi naona kazi kubwa imefanyika ndani ya dakika moja na nusu. Kwa Mwislamu, kuanza salamu ni suna na kuirudisha ni wajibu, kwa hiyo mzee ameitikia kwa amri ya dini yake na hakushindwa na mtu. Mafundisho ya Mtume pia yanakataza Waislamu kususiana zaidi ya siku tatu, na kumsifu katika wawili hao yule anayeanza kwa salamu. Shikamoo nayo ina jibu lake tayari, mzee hakulazimika kulitafuta. Aliulizwa goti, na goti halina ugomvi. Mwishoni hakuombwa aahidi lolote, aliambiwa tu jambo litakalotokea.

Alichofanya binti baada ya kukata simu, yaani kulia, ni chake. Asingelia simuni. Machozi ya mtoto yanamlazimisha mzazi amtulize, na mzazi ambaye bado ana donge hajawa tayari kumtuliza mtu. Vivyo hivyo maelezo. Kila mwenye kinyongo cha miaka huwa ana hotuba aliyoitunga akiwa kwenye daladala, ameipanga vizuri, na sauti ya mzazi ikisikika hotuba inataka kumwagika. Izuie. Itakuwa na siku yake, na siku hiyo utakuta imeshapungua kwa zaidi ya nusu.

Ijumaa ikifika, apige kama alivyosema. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanapiga kila siku wiki ya kwanza kwa furaha, kisha wanatoweka mwezi mzima, na mzee anahitimisha kwamba mtoto ni yule yule, anakuja na kuondoka. Simu fupi ya siku moja inayojulikana inamfanya mzazi aanze kuingoja bila kukiri kwamba anaingoja. Asipopokea, usipige mara kumi. Ngoja Ijumaa nyingine. Kama umemkosa, mwambie tu ulipiga ukamkosa, usiulize alikuwa wapi.

Miezi kadhaa inaweza kupita hivi, na katika miezi hiyo mtoto anajiuliza kama anapoteza muda. Zipo alama za kumsaidia kupambanua. Mzee anayesema "bado" hutoa masharti na malalamiko: usinipigie saa za kula, mbona Ijumaa iliyopita sauti yako ilikuwa ndogo, huyo mtoto wako anasoma wapi. Hulitaja jina lako kwa watu wengine hata kwa ukali. Anayesema "hapana" hana malalamiko. Hubadili namba bila kumpa mtu, humkataza shangazi asilitaje jambo lile, na akikumbushwa hurudia katazo lile lile kwa sauti ya kawaida isiyo na hasira. Hasira ni dalili njema kuliko upole wa namna hiyo. Kwa mzazi wa kundi la pili inabaki kutuma salamu Idi mbili kwa mwaka, au Krismasi na Pasaka, kupitia mtu yule yule, kwa maneno yale yale, bila kuuliza majibu. Hilo linaweza kuendelea kwa miaka, na inawezekana jibu lisije. Ni lazima liwe jambo ambalo mtoto angelifanya hata kama angeambiwa leo kwamba halitaleta kitu.

Kuna siku, katikati ya simu za kawaida, mzee atapasuka. "Ulinifanya mimi si mtu. Niliambiwa na muuza samaki, mimi baba yako." Huu ndio wakati ambao safari yote ilikuwa ikiuelekea, na mtoto hawezi kuuchagua. Neno litakaloharibu hapo ni "lakini". Lakini ulikataa, lakini nilikuwa mtu mzima, lakini mama alijua. Neno la pili la hatari ni "kama": kama nilikukosea nisamehe. Hilo "kama" linamrudishia mzee kazi ya kuthibitisha kosa. Kinachotakiwa ni kulipokea neno kama lilivyo: "Kweli baba. Ulipaswa kulisikia kwangu kwanza." Kisha kunyamaza, hata akiendelea kwa muda mrefu. Atasema na mengine yasiyo ya haki. Ya uongo si lazima uyakubali. Unaweza kuyaacha yapite siku hiyo, kwa kuwa anayemwaga ya miaka 9 hajakaa kuhesabu.

Safari ya kwenda inakuja baada ya hapo, na ni bora itokane na neno la mzee, hata likiwa la pembeni, kama "huyu mjukuu nitamwona kaburini?" Binti aende peke yake na shangazi mara ya kwanza. Mume abaki, na watoto wabaki au aje mmoja tu. Mjukuu ana nguvu kubwa, kwa mila zetu babu na mjukuu ni watani, na ndiyo maana asitumiwe kama ngao. Mzee akimlainikia mtoto mdogo huku donge lake halijaguswa, donge linabaki mahali pake. Wafike baada ya alasiri. Mkononi wabebe vitu vya kawaida vya mgeni, sukari kilo mbili, majani ya chai, tende. Kitita cha pesa kisiwepo, wala televisheni. Hodi ipigwe kama adabu inavyotaka, mara tatu, na isipoitikiwa warudi kwa shangazi wakalale huko. Hawarudi Dar es Salaam usiku huo, wala hawapigi mlango kwa nguvu. Kesho ipo.

Akikaribishwa, akae chini mkekani, sio kwenye kiti kinacholingana na cha mzee. Maneno yawe machache. Wakristo wanamkumbuka yule mwana mpotevu katika Injili ya Luka, sura ya 15, aliyeitunga kauli yake angali ugenini: nimekosa, sistahili, nifanye kama mmoja wa vibarua wako. Alipofika alisema mbili za kwanza, na kabla hajaifikia ya tatu baba alishawaita watumishi walete vazi. Mzazi aliye tayari hahitaji kauli yote, na asiye tayari hatalainishwa na urefu wake. Binti wa Mbagala ana sentensi mbili: "Baba, nilikukosea. Niliolewa bila wewe kuwa na habari, ukaaibika mbele ya watu, naomba radhi yako." Hapo akomee.

Mzee huenda asiseme amesamehe. Wengi hawasemi. Atauliza kama wamekula. Atamwita mtu alete maji. Atazungumzia barabara ya Tanga na vumbi lake. Mtoto aliyekuja na mategemeo ya kukumbatiwa ataondoka na huzuni, akidhani ameshindwa, na anaweza kulivuruga jambo kwa kuuliza, "Kwa hiyo baba umenisamehe?" Asiulize. Kualikwa kula ni jibu, na jibu la maneno likija litakuja likiwa limechelewa, pengine kupitia kwa shangazi.

Yapo mazingira yanayobadili mpango huu wote. Wengine hukutana na mzazi kwa mara ya kwanza msibani, bila kupanga. Huko hakuna kuomba radhi wala kueleza. Kuna kubeba maji, kuosha masufuria, kukaa hadi siku za matanga ziishe wakati wengine wameshaondoka, na kusalimia asubuhi na jioni. Mzee ataona. Ikiwa mzazi amekuwa mgonjwa sana, haraka inaruhusiwa kwenye safari tu, sio kwenye maneno: nenda, shika mkono, sema radhi yako kwa sentensi moja. Na ikiwa kumbukumbu yake imeanza kupotea kwa uzee, akakupokea kwa furaha kana kwamba hapakuwa na kitu, usimkumbushe ugomvi ili uupatanishe. Kwake umekwisha. Kilichobaki ni cha kwako, kizungumze na shangazi.

Halafu kuna mzazi aliyemuumiza mwanawe, kwa kipigo kilichovuka mpaka au kwa mambo mabaya zaidi ya hayo. Hapo ukimya haukuwa utovu wa adabu, ulikuwa kinga, na unyenyekevu hauna maana ya kuiondoa kinga. Mtu wa namna hiyo akitaka kusalimia, asalimie kwa mbali, asiende peke yake, asilale huko, na asiombe radhi kwa kuwa aliondoka. Nasikitika ninapoona mashangazi wanawasukuma watoto kama hawa warudi kwa kuwa mzazi ni mzazi.

Turudi Pangani. Binti ameshakula, ameshalala kwa shangazi, amerudi Mbagala, na simu za Ijumaa zinaendelea. Bado kuna kile alichokipoteza mzee: nafasi yake kama walii. Radhi imeufungua mlango, ila nafasi haijarudishwa, na haiwezi kurudishwa na binti peke yake. Hii ni kazi ya mumewe. Yeye naye atafute wazee wake, baba mdogo au kaka mkubwa, waende Pangani kama walivyopaswa kwenda miaka 9 iliyopita, wajitambulishe, waeleze nasaba yao ambayo mzee aliiulizia hakupewa, na wapeleke kilemba cha baba na mkaja wa mama. Kiasi si kitu kikubwa, na mzee anaweza kukipunguza mwenyewe. Wapo watakaosema imepitwa na wakati, watoto wameshazaliwa. Kwa mzee haijapitwa, maana kwake jambo hilo halijawahi kutokea.

Na mzee akitaka nikaha isomwe, yeye akiwa walii, hilo ni la kuulizwa sheikh wao na kukubaliwa na wanandoa wenyewe kwa hiari. Likikubalika halina gharama: walii, mashahidi wawili, mahari wanayokubaliana, na chumba cha mbele cha nyumba ile ile. Binti asilipendekeze yeye kwa haraka ya kumfurahisha baba, wala mume asilichukue kama tusi kwa cheti cha bomani. Walisubiri siku 21 kwa ajili ya serikali. Mzee naye apewe siku zake za kufikiri, halafu aseme mwenyewe anataka lini.